Kamera Iliyokata Mikono ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu hasikii. Naanza na hilo kwa sababu watu wakilijua wanampigia kelele, kana kwamba masikio yake yako mbali tu na mtu mwenye kifua kizuri anaweza kuyafikia. Hasikii hata radi. Lakini anaongea kuliko mimi, na mimi naongea mengi. Anaongea kwa mikono, kwa uso, kwa mabega, na akikasirika anaongea kwa mwili mzima mpaka kuku wanatoka uani.

Nilimlea mimi. Mama yake, binti yangu, alifia njiani tulipokimbia Kivu ya Kusini, na hayo siyaandiki hapa. Tuliingia Burundi, tukaandikwa, tukapewa karatasi. Huko pia kukaharibika, tukaja Uganda. Nilipofika niliwaonyesha karatasi yangu ya Burundi kwa heshima zote, nimeifunga kwenye plastiki kama Biblia. Mkalimani akanirudishia. Akasema, “Mama, hii ni hifadhi ya kule. Hapa unaomba upya.” Nilipanga mstari tena kama mtu aliyezaliwa asubuhi ile.

Shule ya viziwi ya Mbarara ndiyo iliyompa lugha. Kabla ya hapo tulikuwa na alama zetu chache za nyumbani: kula, lala, maji, acha ujinga. Baada ya hapo kila likizo alirudi kambini kwetu Rubondo na maneno mapya mikononi, na mimi nilijifunza naye kwenye shamba la maharage. Alikuwa mwalimu mkali. Nikikosea alinipiga kwenye vidole. Wenye shamba la jirani walisema tumepagawa, bibi na mjukuu wanapigana na nzi. Nikawaambia, “Nyinyi mna midomo na hamuna cha kusema. Muache sisi.”

Lakini usiku wa uzee ulikuwa unanikaribia, na ninajua unavyotembea. Magoti yalianza, halafu kifua. Katika Rubondo nzima, mtu wa kuongea naye kwa kweli nilikuwa mimi tu. Wenzake wa shule walitawanyika. Nilikuwa nikimtazama akipepeta mchele na najiuliza: siku nikifa, huyu ataongea na nani? Ataishi miaka yake yote kama mtu aliyefungiwa ndani ya chungu. Mawazo hayo yalinila kuliko ugonjwa.

Ndipo ikaja habari ya chuo. Kilikuwa Kampala, kinafundisha walimu wa watoto viziwi, na kinawataka viziwi wenyewe. Mjukuu wangu aliomba, wakamjibu kwamba watamhoji kwa video, kwa lugha ya alama, siku fulani, saa fulani. Waombaji ni wengi. Atakayekosa saa yake, nafasi inakwenda kwa mwingine. Nilimwambia asome mstari huo mara nyingine, nikidhani mikono yake imekosea. Haikukosea.

Mwalimu wake wa zamani anakaa Kamukuzi, pale Mbarara, kwenye kile kilima cha nyumba nzuri. Ni Munyankole, anasikia, lakini anaongea kwa mikono vizuri kama aliyezaliwa nayo. Alituambia tuje tufanyie mahojiano kwake, umeme upo na mtandao upo. Tulikwenda siku chache kabla, ili kujaribu.

Kompyuta yake ilikuwa na kamera ya kuchomeka, ile ndogo nyeusi inayobanwa juu ya kioo. Akaiwasha, mjukuu akakaa, akaanza kusema jina lake kwa alama. Kwenye kioo nikaona uso, shingo na basi. Mikono ilikuwa inaruka chini huko, haionekani. Kila mara kidole kimoja kilichungulia kama panya.

“Sasa hii ni nini?” nikauliza. “Anaomba chuo ama anaomba paspoti?”

Mwalimu akacheka, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. “Mukaaka, ngoja. Kamera yenyewe iko mzuri. Ni vile imepangwa.”

Akafungua programu ya wale wanaotengeneza hizo kamera. Siyo ile ya mkutano, ni nyingine, ya kuiamrisha kamera yenyewe. Alinieleza kila kitu kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya bega lake na sikuwa na nia ya kuondoka. Kulikuwa na fasi ya kuchagua upana wa kuona, imeandikwa kwa digrii: sitini na tano, sabini na nane, tisini. Akasema ni kama madirisha matatu ya nyumba moja, dogo, la kati na kubwa. Alipobonyeza tisini, chumba kizima kikaingia kwenye kioo: kochi, nguo alizokuwa hajapiga pasi, na mimi pembeni na kipande cha mkate mdomoni. Sikujua kama ninaonekana. Mjukuu wangu alicheka mpaka akashika tumbo.

Chini yake kulikuwa na mstari wa kukuza, wenye kidude cha kusukuma. Ukikisukuma mbele, picha inasogea karibu, lakini siyo kwamba kamera inatembea. Inakata kipande cha katikati na kukivuta kiwe kikubwa, ndiyo maana kinakuwa na ukungu. Mwalimu akakirudisha mwanzo kabisa. Halafu kulikuwa na swichi ya kumfuata mtu. Ikiwashwa, kamera inatafuta uso na kuujaza kwenye kioo, ikidhani inakusaidia. Hiyo ndiyo ilikuwa inakula mikono.

“Inapenda sura,” mwalimu akasema. “Haijui kama huyu mdomo wake iko kwa mikono.” Akaizima.

Mwisho akapandisha mwanga kidogo, maana vidole vilikuwa vyeusi mbele ya blauzi nyeusi. Mjukuu akavaa blauzi ya njano ya mwalimu, na hapo nikaona kila kidole kimesimama peke yake. Mwalimu akabonyeza, akaandika jina la mpango huo: Mikono.

“Nimehifadhi,” akasema.

Hilo neno nilikuwa nalijua. Nilimwonyesha mjukuu kwa alama yetu ya nyumbani, kiganja kimoja kimelala chini ya kingine, kama kifaranga chini ya mama. Akaitika kwa kichwa. Imehifadhiwa. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu Rubondo.

Kesho yake kaka yake mwalimu akafariki. Tulikuwa tumelala kwake; alituita asubuhi akiwa tayari amevaa gauni la gomesi, macho mekundu, gari linamngoja. Msiba ulikuwa kijijini mbali, nyumba ingefungwa, na kompyuta alihitaji kwenda nayo kwa sababu ni ya kazi. Tukampa pole. Akachomoa kamera juu ya kioo, akamwekea mjukuu wangu mkononi pamoja na blauzi ya njano.

“Chukueni mufanyie kule kwenu. Chumba cha kompyuta kipo, sindiyo? Mutachomeka tu.”

Mtu aliyefiwa hawezi kufikiria kila kitu, na sisi hatukuwa na la kumuuliza. Kitu kilikuwa kimehifadhiwa na sasa tunacho mkononi. Nilikifunga ndani ya kitenge, nikakipakata kifuani njia nzima ya kurudi kama mtoto wa kwanza.

Chumba cha kompyuta cha Rubondo kinaangaliwa na mzee wa Kirundi, mtu mtaratibu, rozari shingoni, hasemi neno mpaka alifikirie. Chumba ni chembamba. Upande mmoja meza, upande wa pili betri za sola zimepangwa hadi juu, na kati yao kiti. Hatukuweza kujaribu kabla ya siku yenyewe kwa sababu mawingu yalikaa juu yetu na betri hazikushiba. Mzee alisema tuzitunzie nguvu. Nikaona ni sawa. Cha kujaribu kilikuwa nini? Kilihifadhiwa.

Siku ikafika, jua likatoka, nikashukuru kwa sauti. Mzee akachomeka kamera, mtandao ukaingia, mjukuu wangu amekaa na ile blauzi ya njano, na kule upande wa pili wakatokea watu watatu nyuma ya meza. Katikati mama mmoja wa miwani, yeye mwenyewe kiziwi. Akasalimia kwa alama. Mjukuu akasalimia.

Kwenye kioo, kile kidirisha chetu, ulikuwepo uso wa mjukuu wangu. Uso mtupu. Mkubwa kama mwezi, na ukungu juu yake.

Mama wa miwani akainama mbele. Alama zake nilizielewa zote, na nisingependa kuzielewa: Mikono yako iko wapi?

Mjukuu akainua mikono juu, usawa wa mashavu, akajaribu kuongea pale pale penye uso. Ilikuwa kama mtu anaongea amebanwa shingo. Alama za kifuani hazikuonekana, za tumboni hazikuonekana, nusu ya kila neno ilianguka nje. Wale watatu wakatazamana.

“Muzee, imeharibika!” nikasema.

“Haijaharibika, Mama. Picha iko.”

“Picha ya nini? Batu banataka mikono!”

Tukasukuma kiti nyuma. Kikagonga betri. Mjukuu akabana mgongo kwenye betri, kichwa kimepinda, na bado kioo kikaonyesha uso na mabega, sasa na giza zaidi. Na mara picha ikajisogeza yenyewe, ikamtafuta uso tena, ikamjaza. Nilitaka kuipiga kofi ile kamera. Mzee akafungua mipangilio ya mkutano, akapekua, akasema humu hakuna pa kurudisha nyuma. Mama wa miwani akaandika kitu, mzee akanisomea: tutasubiri kidogo, lakini mwenzako anayefuata yuko tayari.

Mjukuu wangu akanigeukia. Mikono yake ilikaa mapajani imekufa. Nimemwona mtoto huyu na njaa, nimemwona na homa, nimemwona akibebwa usiku kwenye mvua. Sijawahi kumwona ameishiwa maneno.

Nikampigia mwalimu. Najua yuko msibani. Nilipiga, na ilipolia bila kupokelewa nikapiga tena, na nilikuwa tayari kupiga mpaka wamzike mtu na simu yangu inalia. Akapokea, nyuma yake watu wanaimba.

“Mwalimu, nisamehe. Inaonyesha uso tu.”

“Uso? Mumefungua ile programu?”

“Programu gani? Si ulihifadhi!”

Akatoka penye nyimbo. Kisha akasema polepole, “Mukaaka, mimi nilihifadhi kwa kompyuta yangu. Si kwa kamera. Hiyo kompyuta ya huko haijui kitu. Ina mpango yake.”

Nadhani alitegemea nitauliza maswali. Sikuuliza hata moja. Nilikuwa nimeshasimama kwenye mstari huo. Karatasi ya kule haifanyi kazi huku, hata ukiifunga kwenye plastiki, hata ukiipakata kifuani. Hapa unaomba upya.

“Tuanze upya,” nikasema. “Sema, nawaambia.”

Simu nikaibana kwa bega. Alichosema mwalimu nilimwambia mzee kwa mdomo na mjukuu kwa mikono, kwa wakati mmoja. Mzee akatafuta, na kweli programu ile ile ilikuwemo. Akaifungua, akapiga paji la uso.

“Aa, Mama. Ni ya Pasta.”

Kumbe chumba hiki kiliwahi kuwa na kamera ya aina hiyo hiyo, kabla haijaanguka ikafa. Pasta mmoja alikuwa anahubiri nayo mtandaoni, na alitaka uso wake ujae kioo ili waumini waone machozi. Mzee alimpangia: dirisha dogo, kukuza mbele, kumfuata mtu. Akahifadhi. Na kompyuta ilipoona kamera ya jinsi ile imechomekwa tena, ikaivisha mpango wa Pasta bila kuuliza ni nani amekaa kwenye kiti.

“Toa Pasta!” nikasema. “Mutoe haraka!”

Lakini ndani ya programu, pale picha inapotakiwa kuonekana, palikuwa peusi. Maandishi yalisema kamera inatumiwa na programu nyingine. Mkono wa mzee ukaenda kufunga mkutano ili picha irudi.

“Anataka kufunga mkutano,” nikamwambia mwalimu.

“Hapana! Hapana, asifunge! Akifunga wataita mwingine. Hiyo nyeusi muache hivyo. Asukume tu, na atazame kwenye mkutano.”

Niliushika mkono wa mzee wa watu kwa nguvu, nikamwomba radhi baadaye. Akakirudisha kile kidude cha kukuza mwanzo, gizani, bila kuona anachofanya. Nikatazama kidirisha chetu cha mkutano. Uso ukarudi nyuma. Ukungu ukaondoka. Kifua kikaonekana.

“Sasa upana. Tisini.”

Akabonyeza, na mikono ikaingia. Yote miwili, mpaka viwiko, njano nyuma yake. Halafu ile swichi ya kufuata, maana picha ilikuwa imeanza tena kumnyemelea. Akaizima, ikatulia.

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini dirisha kubwa linaingiza kila kitu. Liliingiza betri, likaingiza mlango wazi kando ya betri na jua lote la Rubondo, likaingiza mimi, bibi mzima na simu kwenye bega, mikono yangu miwili hewani inaongea. Mwanga wa mlango ukamfanya mjukuu wangu awe kivuli. Na mama wa miwani akaninyooshea kidole.

Akauliza: Huyo ni nani? Kwa nini anakuambia maneno?

Nilielewa. Waliandika kabla: mwombaji awe peke yake. Waliona mikono yangu. Wakafikiri nampa majibu.

Mjukuu akajibu: Ni bibi yangu. Alikuwa anatengeneza kamera.

Wale watatu wakacheka. Hata mimi ningecheka. Lakini mama wa miwani akarudia, kwa upole sasa: Atoke. Na mlango ufungwe, hatukuoni.

Mzee alitoka kwanza. Mimi nikabaki sekunde moja zaidi. Miaka yote nilikuwa mlango wake. Kila neno lililomfikia kutoka kwa watu lilipita kwangu, na la kwake kwenda kwa watu pia lilipita kwangu, na sasa ili aonekane ni lazima nifunge mlango nikiwa nje. Nikafunga.

Dirisha la pembeni lina wavu. Nilisimama pale kando, fasi ambayo kamera hainioni. Niliona mikono yake tu. Mwanzoni ilikwenda polepole. Halafu ikaanza kukimbia. Akawasimulia kitu kirefu, nadhani cha shamba la maharage, maana niliona alama ya kupiga vidole vya mtu mjinga. Halafu akaingia kwenye maneno ambayo siyajui. Mengi. Haraka. Alikuwa anaongea na watu wa lugha yake, na mimi niliyedhani ndiye peke yangu namwelewa, nilikuwa nimesimama nje kama wale majirani wa shamba, nawaona wanapigana na nzi.

Mzee akaniletea kigoda. Akasema, “Kaa, Mama.” Sikukaa.

Alipotoka, alinikumbatia, na jasho lake lilinilowesha. Kabla hatujaondoka mzee alihifadhi ule mpango kwenye kompyuta ile, akauliza auite jina gani. Mjukuu akaandika mwenyewe. Sasa mule ndani yuko Pasta, na chini yake iko Mikono.

Walimkubali. Alipanda basi la Kampala na begi langu, na mimi nikarudi nyumbani kwenye ukimya ambao nilikuwa nimemwogopea yeye. Sikujua kwamba utanipata mimi. Katika Rubondo nzima sasa hakuna mtu wa kuongea naye kwa mikono. Mara nyingine napepeta mchele na vidole vinasema kitu vyenyewe, halafu natazama, hakuna mtu.

Ananipigia kwa video. Mimi nashika simu karibu na uso, kwa mkono mmoja, naongea kwa mwingine, na yeye anakunja uso vile vile kama mama wa miwani.

Koko, yaani bibi, ananiambia. Sikuoni. Weka simu chini. Rudi nyuma.

Naiegemeza kwenye sufuria. Narudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta. Ananitazama, anaitika kwa kichwa, na hapo ndipo ninainua mikono.